Fundi mmoja, kazi tatu, Jumatatu moja

Kwenye saiti ya nyumba niliyosimamia, ratiba ilimpangia fundi umeme wetu kazi tatu zinazoanza siku moja. Mabomba ya nyaya ukutani, siku 4, bila hata siku moja ya akiba, maana mafundi wa plasta walikuwa wanasubiri. Bodi kuu ya umeme, siku 3, ingeweza kuchelewa kwa siku 5 bila kugusa tarehe ya kukabidhi nyumba. Pampu ya maji, siku 2, ikiwa na akiba ya siku 4. Ratiba yenyewe ilipendeza, ila fundi ni mmoja.

Hapo kuna njia mbili. Kulainisha ni kuzisogeza kazi ndani ya akiba zake tu. Tarehe ya mwisho haiguswi. Kusawazisha ni kukubali kwamba fundi hagawanyiki, kazi zikae foleni, na tarehe ya mwisho ikisogea, isogee. Kwenye Microsoft Project tofauti yake ni kisanduku kimoja tu, `Level only within available slack`. Wengi hawakitiki, wanabonyeza kitufe cha kusawazisha, halafu wanashangaa tarehe imehama.

Mimi naanza na kulainisha kila mara, hata nikijua haitatosha, kwa sababu inanionyesha ukubwa wa shimo. Tuliweka mabomba siku ya 1 hadi ya 4, pampu ya 5 na ya 6. Bodi ilitakiwa ianze si zaidi ya siku ya 6. Siku ya 6, basi, fundi anahitajika sehemu mbili. Ukihesabu utaona: siku 9 za kazi, na zote ziishe kufikia siku ya 8. Upungufu ni siku moja.

Msaidizi wangu alitaka kuandika nusu siku bodi, nusu siku pampu. Hiyo inafuta rangi nyekundu ya onyo kwenye kompyuta, lakini ile siku moja bado inadaiwa.

Kusawazisha kungetugharimu siku hiyo moja, na mwenye nyumba alikuwa ameshatoa notisi alikopanga. Kuleta mtu yeyote tu nako hakukuwezekana, kwani bodi inataka mwenye leseni ya EWURA. Tukajiuliza ni kipi kwenye hizo siku 4 za mabomba kinachomhitaji yeye mwenyewe. Kuchimba kuta hakumhitaji. Jumatatu asubuhi alichora mistari, saidia fundi wakachimba kutwa, naye akaenda kulaza kebo ya pampu. Siku ya 2 hadi ya 4 mabomba, ya 5 akamalizia pampu, ya 6 akaanza bodi.

Ila kufikia hapo akiba yote ya bodi ilikuwa imeliwa. Jumatano nilimpigia muuza vifaa mara tatu kuulizia breka za bodi, jambo ambalo kwa ratiba ya mwanzo nisingelifanya kabisa.