Folda Iliyokataa Jina Jipya

Kosa langu lilitokana na usafi. Katika diski ya pamoja pale kazini kulikuwa na folda iitwayo `Ripoti Mpya`, na kwa kuwa ripoti zilizokuwamo zilikwisha kuzeeka, niliona ni aibu kuendelea kuiita mpya. Nikaibadilisha jina kuwa `Ripoti 2024`, nikajipongeza kimoyomoyo, nikaendelea na kazi nyingine. Ndani yake mlikuwa na mafaili 12 ya Excel, moja kwa kila mwezi, na yote yalikuwa yakilisha faili langu la muhtasari, ambalo lilikaa katika folda nyingine kabisa.

Kwa wiki mbili hapakuharibika kitu, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Kila nilipofungua muhtasari, Excel iliniuliza kama nataka kusasisha viungo vya nje, nami kwa mazoea nikabonyeza `Don't Update`. Tarakimu zilikuwa palepale, zimejipanga vizuri, kwa sababu faili la muhtasari huhifadhi thamani za mwisho lilizozisoma hata kama chanzo chake hakionekani tena. Nilikuwa nikiwasilisha picha ya marehemu nikidhani ni mtu aliye hai.

Siku moja mkuu wangu akaniuliza kwa utulivu wa kutisha, "Masahihisho ya Machi niliyokutumia juma lililopita yako wapi?" Masahihisho nilikuwa nimeyaingiza mwenyewe katika faili la Machi. Nikabofya seli ya Machi katika muhtasari, nikakuta hivi:

```
='S:\Ripoti Mpya\[Machi.xlsx]Jumla'!$B$4
```

Fomula ilikuwa bado ikibisha hodi katika nyumba iliyobadilishwa jina.

Nikafungua `Edit Links` katika menyu ya `Data`, nikabonyeza `Check Status`, na mbele ya mafaili yote 12 pakaandikwa `Error: Source not found`. Kando yake niliona kitufe cha `Break Link`. Nilijiambia kwamba kukivunja kiungo kilichokwisha kuvunjika hakuna hasara, na pengine ndiyo njia ya kukianza upya. Likatokea onyo refu lililosema wazi kwamba tendo hilo haliwezi kutenguliwa, nami nikalikubali kwa heshima ileile ninayowapa wanaonisomea masharti ya mkataba. Fomula zote zikageuka tarakimu kavu. Nikabonyeza Ctrl+Z mpaka kidole kikachoka, bila jibu. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa nimehifadhi. Nikafunga faili bila kuhifadhi, na fomula zikarejea na ugonjwa wao uleule.

Mtu mwenye busara angeishia hapo akaomba msaada, lakini mimi nilikumbuka kwamba fomula ni maandishi, na maandishi hubadilishwa kwa Ctrl+H. Nikaagiza `Ripoti Mpya` igeuzwe kuwa `Riopti 2024`. Ndiyo, Riopti. Excel ilipokosa folda ya jina hilo, ilinifungulia dirisha lenye kichwa `Update Values: Januari.xlsx`, ikinitaka nilionyeshe faili lilipo. Nikabonyeza `Cancel`. Likafunguka jingine, nikalifuta, likaja jingine, kwa kuwa dirisha hilo hutokea kwa kila seli, na mimi nilikuwa na miezi 12 yenye seli nane kila mmoja. Nilipofika la thelathini na kitu nilisalimu amri, nikaiua Excel kwa Task Manager.

Mara ya tatu ndipo nilipofuata njia iliyonyooka, ambayo ilikuwa katika dirisha lilelile la `Edit Links` tangu mwanzo: unachagua faili moja, unabonyeza `Change Source`, unalionyesha lilipo sasa, na seli zote zinazolitegemea faili hilo zinageuka kwa pamoja. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya mara 12 tu, si 96. Nikaanza na Januari. Machi ilipopita, masahihisho ya mkuu yakajitokeza katika jedwali, nami karibu nilibusu kioo cha kompyuta. Nikafika Novemba.

Hapo akaingia mwenzangu wa meza ya jirani, mtu mwenye moyo mwema kupita kiasi. "Pole sana, kaka," akasema. "Nimekuona ukihangaika tangu asubuhi, nikauliza, nikaambiwa ni kwa sababu ya ile folda. Basi nimeirudishia jina lake la zamani. Jaribu sasa."

Nikabonyeza `Check Status`. Desemba ilisomeka bila tatizo lolote. Kumi na moja zilizobaki zilikuwa zikiitafuta `Ripoti 2024`, ambayo haikuwapo tena.

Nikamshukuru kwanza, kama inavyopasa, kisha nikamwomba arudishe lile jina jipya. Akaniuliza linaandikwaje. Nikamwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, nikaikagua mara mbili kabla ya kumkabidhi.