Indiketa tatu, hesabu moja

"RSI, Stochastic na Williams %R zote zilisema EUR/USD imenunuliwa kupita kiasi. Nikauza, bei ikazidi kupanda. Nilitaka uthibitisho gani zaidi?"

Uthibitisho wenyewe haukuwepo. Tuseme ndani ya siku 14 bei ya juu kabisa ilikuwa 1.1000, ya chini kabisa 1.0800, na leo soko limefunga 1.0960. Stochastic inapima kuanzia chini: bei imepanda pipsi 160 kati ya 200, yaani 80. Williams inapima kuanzia juu: pipsi 40 kati ya 200, ikawekewa alama ya kutoa, -20. Na mistari ya hatari ni ipi? 80 na -20. Ukitoa 100 kwenye Stochastic unapata Williams, leo na kesho.

MetaTrader ndiyo inayoficha undugu huu. Stochastic inafunguka na 5, 3, 3, Williams inafunguka na 14. Weka Stochastic 14, 1, 1 na michoro itafuatana kama kivuli. Ukiipa siku 14 lakini ukaiacha na ile 3 ya kulainisha, inachelewa kidogo: Williams inavuka leo, Stochastic inavuka kesho au keshokutwa, na mtu anasema "imethibitisha". Kumbe ni mwangwi.

RSI ina utetezi wa kweli. Haiangalii kilele wala bonde. Inalinganisha wastani wa kupanda kwa bei siku zilizofunga juu na wa kushuka kwake siku zilizofunga chini. Stochastic ikiwa 85 na RSI 58, unajifunza kitu: bei iko karibu na kilele, ila haikufika huko kwa nguvu. Hapo nawapa haki wanaozitumia pamoja. Tatizo ni kwamba huwa tunaingia sokoni zikikubaliana, na kwenye trendi kali zinakubaliana kwa sababu moja tu: siku nyingi zimefunga juu. Stochastic inaweza kukaa juu ya 80 kwa wiki nzima na zaidi huku muuzaji akichomwa.

Mimi ningebaki na RSI peke yake, nikaongeza wastani wa siku 200 kwa ajili ya mwelekeo, na ATR ya kupimia umbali wa stop losi. Ni kweli, zote zinatokana na bei ileile, lakini kila moja inajibu swali lake. ATR haijui hata kama soko linapanda au linashuka.

Ukibisha, toa namba uziweke kwenye Excel, kila indiketa na safu yake:

```
=CORREL(B2:B201,C2:C201)
```

Williams na Stochastic ya 14, 1, 1 zitakupa 1. Kwa RSI, chuja siku ilipovuka 70, kisha hesabu ni siku ngapi kati ya hizo Stochastic ilikuwa chini ya 80. Ni siku hizo tu ambapo indiketa ya pili ingekuzuia kuuza.