Kodi inayosubiri uuze, na kiwanja kisichouzwa

Muulize dalali yeyote wa Sinza kwa nini viwanja vya barabarani havipatikani, atakwambia wenyewe hawana shida ya hela. Mimi naona kuna sababu nyingine, nayo imo kwenye sheria ya kodi ya mapato.

Kiwanja chako kikipanda thamani kila mwaka, umetajirika kila mwaka. TRA hawakudai kitu kwa kupanda huko. Siku ukiuza ndipo wanahesabu tofauti ya bei uliyonunulia na uliyouzia, na kwa mkazi wa Tanzania wanachukua asilimia 10 ya faida hiyo. Msajili wa hati habadilishi jina mpaka kodi hiyo ithibitishwe kuwa imelipwa.

Kusubiri huko kuna maana. Kiwanja hakina bei mpaka mtu alipe. Waite wathamini wawili uone kama watakupa tarakimu moja. Halafu kuna mjane wa Magomeni mwenye nyumba ya mamilioni na mapato ya chumba kimoja cha kupangisha. Ukimdai kodi ya thamani iliyopanda mwaka huu, ataitoa wapi bila kuuza nyumba yenyewe? Kwa ardhi, basi, sioni njia nyingine ya maana.

Lakini kodi inayosubiri uuze inakulipa usipouza. Tuseme mtu alinunua kiwanja Sinza kwa milioni 20 miaka mingi iliyopita. Haishi hapo, ameweka fremu mbili za duka anazopangisha, na hana mpango wa kuuza maishani mwake. Kwake yeye, kubaki nacho kuna thamani ya milioni 200. Anakuja mnunuzi anayetaka kujenga ghorofa nne, na kwa hesabu zake anaweza kutoa hadi milioni 210. Kiwanja kina faida zaidi mikononi mwa mnunuzi, kwa hiyo biashara ingetakiwa ifanyike.

Haifanyiki. Wakiuziana kwa 210, faida ni milioni 190, kodi ni 19, muuzaji anabaki na 191. Ili abaki na 200 zake lazima auze kwa 220, na bei hiyo mnunuzi haiwezi. Wanaagana kwa heshima, fremu mbili zinabaki fremu mbili, na serikali haipati hata shilingi. Wachumi wanasema mali imefungiwa.

Nguvu ya kufuli hilo haitokani na kiwango cha kodi peke yake. Angekuwa amenunua mwaka jana kwa milioni 190, kodi ya kuuza kwa 210 ingekuwa milioni 2 tu, na wangekubaliana. Vilevile, mwenye nia ya kuuza mwakani kwa vyovyote hakwepi kodi kwa kusubiri, anaiahirisha tu, na faida ya kuahirisha ni kama ya mkopo usio na riba wa mwaka mmoja. Anayefungwa hasa ni aliyenunua zamani na asiyekusudia kuuza kamwe, na ndiye mwenye viwanja vya katikati ya mji. Akihitaji fedha, anapeleka hati benki akope, kwa sababu kukopa si kuuza.

Wengine hupita pembeni: wanaandikiana mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi, jina kwenye hati linabaki la zamani. Matokeo yake tunayaona kwenye mabaraza ya ardhi.

Kinachonishangaza ni hisa. Hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam zina bei inayojulikana, na unaweza kuuza chache ukalipa kodi bila kuuza zote. Sababu zote mbili za kusubiri hazizihusu. Hata hivyo, faida ya mkazi anayeuza hisa hizo ndiyo iliyosamehewa, na ardhi, isiyo na bei ya kila siku, ndiyo inayotozwa.

Tangu 2023 kuna kanuni ambayo ningeipanua. Muuzaji asiye na nyaraka za gharama zake hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia, au ya thamani iliyoidhinishwa ikiwa ni kubwa zaidi. Maana yake aliyetunza risiti zake za milioni 20 analipa 19, na aliyezipoteza analipa 6.3 kwa kiwanja kile kile. Ni ajabu kumwadhibu mtu kwa kutunza makaratasi.

Ningempa kila muuzaji wa ardhi uhuru wa kuchagua kati ya hesabu hizo mbili. Aliyenunua kwa 190 ataendelea na asilimia 10 ya faida, kwa kuwa inamgharimu kidogo. Mzee wa Sinza atachagua asilimia 3. Nakubali hapo serikali itakosa pesa kwa wale ambao wangeuza hata hivyo, na hiyo si hasara ya kupuuza. Ila yeye, akiuza kwa 210, atabaki na milioni 203.7, zaidi ya zile 200 zilizomshikilia. Atatia saini, na TRA watapata milioni 6.3 ambazo leo hawazipati.