Kiungo kinapokaribia kuisha muda: ukumbusho useme nini?

"Kiungo chako cha jaribio la ujuzi kitaisha muda baada ya saa 24." Waombaji wengi wa kazi hupokea ujumbe wa namna hii, na kila neno lake laweza kuwa kweli huku ukimwacha msomaji gizani.

Tuchukue mfano. Kiungo kimetumwa Jumatatu saa 4:00 asubuhi, kina uhai wa siku 5, na jaribio lenyewe ni la dakika 90. Mfumo hauhesabu tarehe bali saa, yaani 120, kwa hiyo kiungo kinafungwa Jumamosi saa 4:00 asubuhi. Mwombaji anausoma ukumbusho Ijumaa usiku, na kesho yake anaanza saa 3:00, akiamini kwamba amewahi. Ipo mifumo inayomruhusu aliyekwisha kuanza amalize dakika zake zote, na ipo inayofunga mlango saa ya mwisho ikigonga. Katika hiyo ya pili, mwombaji huyu amepoteza dakika 30 bila kujua. Saa aliyopaswa kuambiwa ni 2:30 asubuhi, ambayo ndiyo ya mwisho kuanza.

Waajiri wana hoja ambayo siipuuzi. Kiungo kikikaa wazi muda mrefu, maswali huvuja, na anayefanya siku ya mwisho humzidi aliyefanya siku ya kwanza. Vilevile, kumwongezea muda anayeomba ni kumpendelea mwenye ujasiri wa kuomba. Wengine husema kwamba kutunza tarehe ni sehemu ya kazi, hivyo ukumbusho hauna haja. Hapo natofautiana nao, kwa sababu jaribio la kuandika programu au kuchambua hesabu linapaswa kupima ujuzi huo, ilhali barua pepe ya kwanza huenda iliangukia kwenye folda ya taka.

Hata hivyo ukumbusho nao una madhara yake, hasa ukija mara 3 kwa siku 2. Unasomwa kwenye simu, kitufe cha kuanza kiko papo hapo chini ya kidole, na mtu mwenye hofu anakibonyeza akidhani anatazama maelekezo tu. Saa ikishaanza kuhesabu kwa kawaida haisimami, hata akikimbilia kompyuta.

Saa za maeneo nazo zinahitaji uangalifu. Ukumbusho ukiandika "23:59 UTC", yaani kwa saa ya kimataifa, aliye nyuma ya saa hiyo kwa saa 5 anafungiwa saa 12:59 jioni, wakati alitegemea kuitumia jioni nzima.

Kwa maoni yangu, ukumbusho mmoja unatosha, ukitumwa kwa wote ambao hawajamaliza, saa 48 kabla ya kiungo kufungwa, nao utaje saa ya mwisho ya kuanza kwa saa za mpokeaji, muda wa jaribio, na kama aliyeanza ataruhusiwa kumaliza. Mwombaji asiyeyaona hayo kwenye ujumbe wake ayaulize kabla ya kubonyeza, na wakati huohuo atoe dakika za jaribio kutoka saa ya kufungwa, ili ajue mwisho wake halisi.