Mlipaji ni Mama

Naanza kwa kumsahihisha Chidi, aliyewatangazia kwamba nimetapeliwa kwenye kripto nikalia barazani: sijatapeliwa. Na aliyelia barazani alikuwa mtoto wa jirani, msiokuwepo mtulie.

Nilifungua oda ya kununua USDT 50, zile dola za kripto, kwa bei ya shilingi 2,600 kila moja, jumla 130,000. Koini za muuzaji zikashikiliwa na mtandao wa kripto mpaka aziachie, mimi nikatuma M-Pesa, nikabonyeza kuwa nimelipa. Kimya. Muda wa oda unayoyoma, jasho linanitoka. Mara akaandika: "Kaka, hela imeingia ila imetoka kwa mwanamke. Siachii."

Mwanamke! Laini yangu, jamani, ilisajiliwa kwa NIDA ya mama enzi zile changu hakijatoka. Kwenye akaunti ya kripto mimi ni mwanaume kamili. Kwenye M-Pesa ni Bi Mkubwa. Na muuzaji ana haki ya kugoma: hela ikitoka kwa jina lisilo la mnunuzi, huenda imeibwa, na mwenyewe akilalamika inazuiwa mikononi mwake.

Akaniambia, "Ghairi oda, nitakurudishia." Thubutu! Ukighairi, koini zinamrudia papo hapo na hela yako anayo yeye. (Wewe unayecheka hapo, ungeghairi.) Nikafungua malalamiko. Mwamuzi wa mtandao akataka meseji ya muamala pamoja na video ya mwenye laini akishika kitambulisho, ataje jina lake na aseme ameridhia malipo.

Nikamweka mama ukutani, kanga ya kichwani imenyooshwa, kitambulisho kidevuni. Nikabonyeza kurekodi.

Mama akaitazama kamera. Akasubiri.

Akasubiri tena.

"Mbona hanisalimii?"

"Mama, ni video, hakuna mtu. Laini ni yako, taja jina."

"Kijana hana shikamoo, halafu nimtajie jina?" Akasogea mpaka pua ikajaa skrini. "Wewe mwanangu uliyemo humo, huyu unayemuona kodi ya nyumba hajalipa. Mrudishie hela zake. Dola gani hizo hazishikiki?" Nyuma yake mama Zulfa kachungulia dirishani, anauliza nani kafiwa.

Kitambulisho alikigeuza, kinaonekana mgongo tu. Nikaomba turudie. Akasema yeye si msanii. Nikaituma hivyohivyo.

Mwamuzi hakucheka, au alichekea kwao. Akajibu kwamba malipo ya jina la mtu mwingine hayakubaliki hata kama ni mzazi. Muuzaji arudishe hela kwenye namba ileile iliyotuma, nami nisighairi hadi niione imeingia. Jioni ikaingia, nikaangalia salio, nikaghairi. Makato ya kutuma yalikwenda na maji.

Sasa mama amekuja na hoja yake. Anasema mimi mwenyewe nilimwambia mbele ya kamera laini ni yake, kwa hiyo 130,000 iliyoingia ni ya nani? Chidi, hiyo nayo kawatangazie.