Lita 29 zilizopotea si lazima ziwe kwa dereva

Wenye malori wengi ninaowafahamu hapa Tabora wameshafunga vifaa vya kufuatilia magari, na sina ugomvi na vifaa. Ugomvi wangu ni na kinachofuata. Simu inalia kwamba mafuta yamepungua, na kabla gari halijaingia yadi mshahara wa dereva umeshakatwa.

Chukua lori moja lenye tangi la lita 400, linalobeba chumvi kutoka Uvinza kuja huku. Dereva kaleta risiti ya lita 200 za dizeli, grafu ya kifaa inaonyesha mafuta yamepanda kwa lita 171 tu. Bosi akazidisha lita 29 kwa bei ya siku hiyo, akakata. Dereva akajitetea kwamba alijaza huku injini inanguruma. Utetezi huo hausimami, kwa sababu lori lililosimama likinguruma hula kama lita mbili au tatu kwa saa, na dakika kumi za sheli hazimalizi hata lita moja. Lakini mtu kujitetea vibaya haimaanishi kaiba.

Ilibidi kuuliza sensa ya mafuta inayolisha grafu hiyo inapima nini. Ni fimbo iliyosimamishwa ndani ya tangi, nayo haijui lita, inajua kimo cha mafuta tu. Lita zinatoka kwenye jedwali ambalo fundi anatakiwa kulitengeneza siku ya kufunga: anakausha tangi, anamimina lita 20, anaandika sensa inasoma nini, anamimina 20 nyingine, hivyo hivyo hadi lijae. Ni kazi ya kuchosha, na wapo mafundi wanaoiruka kwa kunakili jedwali la gari jingine. Tena fimbo haigusi sakafu ya tangi. Huachwa nafasi ndogo chini, na mafuta yaliyo chini ya ncha yake hayaonekani kabisa. Lori letu lilifika sheli likiwa karibu kukauka. Lita za mwanzo ziliingia bila sensa kuziona.

Kupima hilo ni rahisi: linganisha risiti na grafu siku gari linapojaza tangi likiwa nusu. Safari iliyofuata risiti ilisema 150, grafu 147. Tofauti ya lita tatu ni ya kawaida, mafuta yanacheza ndani ya tangi. Kwa hiyo zile 29 hazikuwa ushahidi wa kumkata mtu, na fedha yake ilistahili kurudi.

Sasa ndipo utamu ulipo. Dereva yuleyule, sheli nyingine ya njiani, tangi likiwa bado na mafuta ya kutosha, akaleta risiti ya 150 na grafu ikapanda 122. Hapa fimbo haina kisingizio. Hata hivyo bado kuna maelezo mawili: risiti imeandikwa zaidi ya kilichomiminwa, au pampu yenyewe inapunja. Unayatenganisha kwa kutazama magari mengine yanayojaza pampu hiyo. Yote yakipungukiwa, peleka malalamiko Wakala wa Vipimo, ndio wanaohakiki pampu. Akipungukiwa huyu peke yake, mzungumzishe huyu.

Na ukishajua, usikimbilie kufukuza. Mpe namba yako mwenye sheli, umlipe moja kwa moja kwa simu baada ya kuona grafu imepanda. Mradi fedha ya mafuta inapita mkononi mwa dereva, utabadilisha madereva na risiti zitabaki zilezile.

Tahadhari ya "mafuta yameshuka ghafla" nayo isomwe taratibu. Gari likiegeshwa upande mmoja ukiwa chini, mafuta yanahamia upande huo na sensa inaweza kusoma pungufu. Likirudi pa tambarare mstari unapanda wenyewe. Mafuta yaliyofyonzwa hayarudi: mstari unashuka injini ikiwa imezimwa, na gari likiondoka unaendelea kutokea palepale chini.

Kuhusu tahadhari za breki kali ambazo kifaa hutuma, sitasema mengi. Kifaa kilichobandikwa kwa gundi chini ya dashibodi kinarukaruka kwenye barabara ya vumbi, na kila shimo kinalihesabu kosa la dereva. Kifungwe kwa skrubu kwenye chuma kwanza. Vivyo hivyo gari "likipotea" porini kati ya Kaliua na Uvinza: pasipo mtandao kifaa hutunza taarifa na kuzituma baadaye zikiwa na saa zake halisi. Kama kuna mtu alichomoa waya, kifaa chenye betri yake ya ndani huandika kwamba umeme wa gari ulikatika, na saa ngapi.

Ninachowaomba mabosi ni kumwita dereva siku ileile anaporudi, mkae na grafu mezani, aseme mwenyewe alisimama wapi na kwa nini. Ukimwita mwisho wa mwezi, ameshasahau aliegesha wapi, na wewe huna tena namna ya kuhakikisha anachosema.