Msiwaambie watu waandike “ngombe”

Inaudhi kuona ofisi inalalamikiwa kwamba barua pepe zake zimejaa “ngâ€™ombe” na “ngâ€™ambo”, halafu inawajibu wateja waache kuandika ritifaa. Ritifaa ndiyo inayotenganisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Anayepaswa kurekebisha ni mwenye mfumo unaotuma barua.

Baadhi ya simu, na Word, hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumuuliza mwandishi. Katika UTF-8, usimbaji wa kugeuza herufi kuwa baiti, hiyo iliyopinda huandikwa kwa baiti tatu: E2 80 99. Programu ya mpokeaji ikidhani barua iko katika Windows-1252, ambako kila baiti ni herufi moja, itaonyesha â, kisha €, kisha ™. Anayeandikiana Kifaransa na wenzake wa Bujumbura anayajua haya kwa sura nyingine: é ni C3 A9, basi “réunion” inafika “rÃ©union”. Baiti zote zipo salama, zimesomwa vibaya tu.

“Ng?ombe” ni msiba mwingine. Hapo mfumo uliotuma umelazimisha maandishi kuingia katika usimbaji usio na herufi hiyo, kama ASCII au ISO-8859-1, ukaweka alama ya kuuliza mahali pake. Herufi imepotea na mpokeaji hawezi kuirudisha. Aombe atumiwe upya. (Alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi, �, kwa kawaida ni baiti isiyo ya UTF-8 iliyosomwa kama UTF-8, na mara nyingi huokolewa.)

Kabla ya kumlaumu mtu, fungua barua ghafi. Kwenye Gmail ni “Show original”. Ikiwa mwili wa barua ni quoted-printable, tafuta neno lenyewe:

```
ng=E2=80=99ombe
```

Ukiona hivyo, maandishi ni mazima, na kinachokosekana au kilichokosewa ni mstari huu wa kichwa:

```
Content-Type: text/plain; charset=UTF-8
```

Mtumaji auweke, mpokeaji mwenye Thunderbird ajaribu View, kisha Repair Text Encoding.

Lakini ukikuta `=C3=A2=E2=82=AC=E2=84=A2`, maandishi yaliharibika kabla ya kutumwa, na kichwa sahihi hakitasaidia. Kisababishi kimoja ni orodha ya CSV isiyo na BOM, alama ya mwanzo inayoitambulisha kuwa UTF-8, iliyofunguliwa na Excel kwa kubofya mara mbili, ikasomwa vibaya, kisha ikahifadhiwa kama CSV UTF-8. Kosa likaandikwa juu ya kosa. Python hulifungua, s ikiwa ni maandishi yaliyoharibika:

```
s.encode("cp1252").decode("utf-8")
```

Nakubali, shingo upande, kwamba ritifaa iliyonyooka ni baiti moja tu, 27, nayo hupita karibu kila mahali. Kwa tangazo la haraka, itumieni. Ila é haina mlango huo wa nyuma, na jina la mtu halibadilishwi kwa sababu mtu wa seva hakuandika mstari mmoja.